Barua ya kufunga akaunti: omba salio lote, kiasi kiache

Sentensi inayokwamisha barua ya kufunga akaunti mara nyingi ni ile inayotaja kiasi cha fedha. Tumchukue muuguzi aliyehamishwa kutoka Sumbawanga kwenda Korogwe. Mshahara wake umeshaanza kupitia benki nyingine, na akaunti ya zamani imebaki na shilingi 386,450. Anaandika: "Naomba mnihamishie sh. 386,450 kisha mfunge akaunti." Barua inaonekana safi, lakini haitekelezeki.

Haitekelezeki kwa sababu benki hukata chake kwanza. Tuseme ada ya kufunga akaunti ni 11,800 na ada ya kuhamisha fedha ni 5,900, kodi ikiwa ndani. Zinabaki 368,750. Karani ana agizo la kutoa 386,450 kwenye akaunti isiyo na fedha hizo, na hana mamlaka ya kupunguza kiasi alichoandika mteja. Barua inawekwa kando mpaka mteja apatikane, naye yuko Korogwe. Akijihami kwa kutaja kiasi kidogo, tuseme 350,000, zinabaki 18,750 ambazo hazina maelekezo. Akaunti haiwezi kufungwa ikiwa na fedha ndani, kwa hiyo inabaki wazi, na ada ya kila mwezi inazila hizo 18,750 polepole.

Dawa yake ni kuacha tarakimu na kuieleza benki mpangilio wa kazi: iingize riba, ikate ada, ihamishe kitakachobaki, ndipo ifunge. Barua ya muuguzi huyu ingekaa hivi:

S.L.P. ………,
Korogwe.
(Tarehe)

Meneja wa Tawi,
(Jina la benki),
Tawi la Sumbawanga,
S.L.P. ………,
Sumbawanga.

YAH: OMBI LA KUFUNGA AKAUNTI YA AKIBA NA. ……… NA KUHAMISHA SALIO LOTE

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mmiliki wa akaunti iliyotajwa, niliyoifungua katika tawi lako. Naomba ifungwe kwa kuwa nimehamishwa kikazi na mshahara wangu sasa unapitia benki nyingine.

Kabla ya kuifunga, naomba riba iliyokwisha kupatikana iingizwe na ada halali zikatwe. Salio lote litakalobaki, pamoja na kiwango cha chini kilichokuwa kimezuiwa, lihamishiwe kwenye akaunti ifuatayo, na gharama ya kuhamisha ikatwe humohumo:

Jina la akaunti: ………
Namba ya akaunti: ………
Benki na tawi: ………

Naomba pia kadi ya ATM, huduma ya benki kwa simu na maagizo yote ya malipo ya kila mwezi yaliyo kwenye akaunti hii yafutwe.

Kazi ikikamilika, naomba barua ya uthibitisho na taarifa ya akaunti inayoonyesha salio sifuri. Nimeambatisha nakala ya kitambulisho cha Taifa na kadi ya ATM. Napatikana kwa simu namba ………

Wako mwaminifu,
(Saini)
(Majina kama yalivyoandikwa benki)

Maneno "kiwango cha chini kilichokuwa kimezuiwa" yana kazi yake. Akaunti nyingi zina kiasi ambacho mashine ya ATM haikubali kukitoa, na wapo wanaotoa kinachotoka, wakaondoka wakidhani kile kilichobaki ni mali ya benki. Si mali ya benki. Kilizuiwa ili akaunti iendelee kuwepo, na akaunti ikifungwa sababu ya kukizuia imekwisha. Kwa mtu mwenye salio dogo, hicho ndicho sehemu kubwa ya fedha zake, kwa hiyo kitajwe waziwazi.

Jambo jingine ni majina. Kama kwenye benki ya zamani unaitwa kwa majina mawili na kwenye mpya matatu, au jina la ndoa limeingia upande mmoja tu, benki inayopokea inaweza kuzirudisha fedha. Zikirudi zinakuta akaunti imefungwa, nazo huishia kwenye akaunti ya ndani ya benki zikisubiri mwenyewe aje aulize. Nakili jina na namba kutoka kwenye taarifa ya akaunti mpya, herufi kwa herufi, wala usitegemee kumbukumbu. Jina likitofautiana, rekebisha kwanza kwenye benki moja, kisha ndipo uandike barua.

Saini nayo iwe ile uliyoiweka siku ya kufungua akaunti, kwa kuwa karani ataifananisha na ile iliyo kwenye faili. Kama imebadilika kwa miaka, nenda tawini ukasaini upya mbele ya ofisa. Namba ya siri ya kadi haihusiki kabisa na barua hii. Anayeiomba ana nia nyingine.

Barua hiyo isitangulie kazi ya maandalizi. Hakikisha mshahara wa mwezi mmoja umeshaingia kwenye akaunti mpya, kwa sababu mshahara ukitumwa kwenye akaunti iliyofungwa hurudi kwa mwajiri, na kuufuatilia huchukua muda. Makato ya bima, ada ya shule au mchango wa kila mwezi yahamishe mapema. Mkopo ndio kizuizi kikubwa zaidi. Kama unadaiwa na benki hiyo, hata ule mkopo mdogo wa kwenye simu, haitakufungia akaunti mpaka deni liishe, na inaweza kulilipa deni hilo kutoka kwenye salio lako. Omba kwanza maandishi yanayoonyesha deni limekwisha, uyaambatishe.

Akaunti ya watu wawili huhitaji saini kadiri ya maelekezo waliyoyatoa wakati wa kuifungua. Ya kikundi huhitaji muhtasari wa kikao kilichoamua kuifunga, na ya kampuni azimio la bodi. Ya marehemu haifungwi kwa barua ya namna hii. Inamsubiri msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama.

Peleka nakala mbili. Moja wabaki nayo, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Kama uko mbali, tawi la benki hiyohiyo lililo karibu nawe huenda likaipokea na kuituma, lakini muhuri bado uudai. Uliza pia fedha zitapita njia gani. TISS, mfumo wa Benki Kuu ya Tanzania ulioanza mwaka 2004, unaweza kuzifikisha siku hiyohiyo ombi likiwahi saa ya mwisho ya tawi, ila kwa salio dogo ada yake inauma, na njia ya polepole yenye ada nafuu inafaa zaidi.

Fedha zikifika, linganisha kiasi na taarifa ya mwisho ya akaunti ya zamani. Kila shilingi iliyopungua iwe na mstari wake unaoieleza. Ukiona kato usilolielewa, omba waonyeshe lilipo kwenye orodha ya ada za benki. Kimya kikizidi, andika barua ya pili inayotaja tarehe iliyo kwenye muhuri, uielekeze kwa kitengo cha malalamiko cha makao makuu ya benki. Wakishindwa nao, malalamiko hupelekwa Benki Kuu, na huko utatakiwa kuonyesha kwamba benki yenyewe ilipewa nafasi ya kujibu kwanza. Nakala yenye muhuri ndiyo inayoonyesha hivyo.