Dondoo muhimu: Zabuni ikikataliwa Kakamega

Usiipigie simu kamati ya tathmini. Barua yako mwandikie afisa mkuu wa idara ya kaunti iliyotangaza zabuni. Sheria ya ununuzi ya 2015, kifungu cha 87, inamtaka akupe sababu za kukosa. Akiandika tu “hukutimiza masharti”, mwandikie siku hiyohiyo, taja nambari ya zabuni, kisha uliza: ni sharti lipi, na katika hatua gani? Cheti cha kodi kilichoisha muda ni jambo moja, bei ni jingine. Alama za wenzako usitarajie kuzipata zote.

Una siku 14 tu tangu uarifiwe kukata rufaa kwa bodi ya mapitio, Nairobi. Kungoja jibu hakusimamishi siku hizo. Dai nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.