Drami ya Breki Iliyoshikwa na Kutu: Jua Kinachoishikilia Kabla ya Kuipiga

Skuta iliyoegeshwa nje kwa miaka mingi, hasa karibu na bahari, mara nyingi hukataa kutoa drami ya breki ya nyuma. Nati imefunguliwa, lakini drami haisogei. Wengi hushika nyundo mara moja. Wakazi wanashauriwa wajue kwanza ni nini kinachoishikilia, kwani sababu ni mbili na kila moja ina dawa yake.

Chukua mfano wa Vespa PX iliyokaa bila kutumika kwa miaka sita mjini Malindi. Drami yake ya nyuma hukaa juu ya ekseli yenye meno, na hufungwa kwa nati kubwa ya katikati. Nati hiyo hufunikwa na kofia yenye mapengo, na pini iliyokunjwa ncha huizuia kofia isizunguke.

Nati ilegezwe tairi likiwa bado chini, huku mtu mwingine akikanyaga breki. Pini na kofia zitolewe kwanza. Baadaye skuta iinuliwe na kuwekwa juu ya gogo imara, kisha tairi litolewe kwa kufungua nati zake tano.

Sasa weka gia huru na uzungushe drami kwa mkono. Ikikataa kuzunguka, au ikitoka milimita mbili tatu kisha ikakwama, viatu vya breki ndivyo vinavyoishika kwa ndani. Legeza waya wa breki kabisa, kisha gonga ukingo wa drami pole pole kwa nyundo ya mpira huku ukiizungusha, hadi viatu viachie.

Ikiwa inazunguka vizuri pamoja na ekseli lakini haitoki hata kidogo, kutu imeshika kwenye meno. Tia mafuta ya kulegeza kutu machache mahali ekseli inapoingia katikati ya drami, uyaache usiku kucha, kisha urudie. Yasimwagwe kwa wingi, kwani yakifika kwenye viatu vya breki, breki haitashika.

Usigonge ncha ya ekseli kwa nguvu. Kwenye skuta hii ekseli ni sehemu ya giaboksi, na kila pigo hufika kwenye beringi na gia za ndani. Pia usitie bisibisi kati ya drami na injini ili kuikwangua, kwani bodi ya injini ni ya aluminiamu na hupasuka kwa urahisi.

Kifaa kinachofaa ni pula yenye bamba linalofungwa kwenye stadi tano za drami, na bolti ya katikati inayosukuma ekseli. Pula ya kucha inayoshika ukingo inaweza kuupinda au kuupasua. Rudisha nati hadi iwe sawa na ncha ya ekseli ili kulinda nyuzi. Kaza bolti hadi ibane, gonga kichwa chake mara moja kwa kiasi, ngoja, kisha kaza tena kidogo. Ikibaki imeshika, iache ikiwa imebanwa hadi kesho yake. Mara nyingi drami huachia kwa mlio mmoja mkali, na nati iliyobaki mahali pake huizuia isiruke.

Joto husaidia, lakini litumike la mashine ya hewa moto, sehemu ya katikati ya drami pekee. Mwali wa moto haufai, kwa kuwa tangi la petroli liko karibu na sili ya mafuta ya mpira iko nyuma ya drami.

Baadhi ya waendeshaji hulegeza nati na kuendesha skuta ili drami ijiachie yenyewe. Hiyo ni hatari: meno yanaweza kulika, na tairi linaweza kutoka njiani.

Drami ikishatoka, vumbi la ndani lisipulizwe, kwani viatu vya zamani vinaweza kuwa na asbesto. Lipanguswe kwa kitambaa chenye maji. Safisha meno kwa brashi ya waya, kisha yachunguze. Drami ikirudishwa kwenye ekseli na kutikisika, meno yamekwisha na inapaswa kubadilishwa. Viatu vilivyolowa mafuta vibadilishwe pia.

Kabla ya kufunga, paka meno grisi kidogo sana ili kutu isirudi. Nati ikazwe kwa nyutoni mita 90 hadi 110, na pini iwe mpya. Jaribu breki kwa mwendo wa pole kwanza.

Ikiwa drami haijasogea baada ya mafuta, joto na pula iliyobanwa usiku kucha, ipelekwe kwa fundi wa mashine ya kukatia chuma. Drami inaweza kununuliwa nyingine, lakini ekseli iliyoharibika hulazimu kufungua injini nzima.