Kuomba nyongeza bila kuiua ofa

Swali: Nimepata ofa ya uhasibu katika kampuni binafsi ya Dar es Salaam. Barua inasema mshahara ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi kabla ya makato, na natakiwa kujibu ndani ya siku saba. Kazi naitaka kweli, ila nilitarajia 1,400,000. Nikiwaandikia baruapepe kuomba waongeze, wanaweza kuninyima nafasi?

Jibu: Wanaweza. Lakini mara nyingi anayeiua ofa ni mwombaji mwenyewe, kwa sentensi moja aliyoiandika bila kujua uzito wake kisheria.

Ofa ya kazi ni pendekezo la mkataba. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinataka ukubali uwe kamili na usiwe na sharti. Ukiandika, "Nakubali kazi hii kwa mshahara wa 1,400,000," hujakubali chochote. Umetoa pendekezo lako jipya, na lile la kampuni limekufa. Wakikujibu kwamba kiasi hicho hawakiwezi, huna haki ya kurudi na kusema, "Basi nachukua ile 1,200,000." Watakupa wakipenda.

Kanuni hii tumeirithi kutoka Uingereza. Mwaka 1840, katika kesi ya Hyde na Wrench, mwenye shamba alitaka pauni 1,000. Mnunuzi akataja 950, akakataliwa, kisha akarudi kusema anakubali ile 1,000. Mahakama ikaamua hakuna mkataba, kwa kuwa ile 950 ilikwisha kulifuta pendekezo la kwanza.

Kuuliza, hata hivyo, si kukataa. Mwaka 1880, katika kesi ya Stevenson na McLean, mnunuzi wa chuma aliuliza kwa simu ya maandishi kama muuzaji angekubali mzigo upokelewe kidogo kidogo kwa miezi miwili. Mahakama ilisema hilo ni swali tu, na ofa ilikuwa bado hai alipoikubali baadaye. Baruapepe yako inatakiwa ikae upande huu wa pili. Unaweza kuandika hivi:

> Yah: Ofa ya ajira, nafasi ya mhasibu
>
> Ndugu Meneja Rasilimali Watu,
>
> Nashukuru kwa barua yenu ya ofa. Nimefurahi kuchaguliwa, na niko tayari kujiunga nanyi tarehe mliyoipanga.
>
> Kabla sijatoa jibu langu rasmi, naomba kuuliza kama kuna nafasi ya kuupitia upya mshahara. Nina miaka minne ya kufunga hesabu za mwezi na kuandaa ritani za VAT, kazi ambazo zimetajwa katika majukumu ya nafasi hii. Kwa msingi huo naomba mfikirie shilingi 1,400,000 kwa mwezi kabla ya makato. Kama bajeti hairuhusu, ningeshukuru kampuni ikinilipia ada za mitihani ya NBAA.
>
> Ombi hili si kukataa ofa yenu, ambayo bado naitafakari ndani ya muda mlionipa.
>
> Natanguliza shukrani.

Maneno yanayokulinda hapo ni "kabla sijatoa jibu langu rasmi", "naomba kuuliza" na ile sentensi ya "Ombi hili si kukataa ofa yenu". Shauku imeonyeshwa kwa utayari wa kuanza tarehe waliyoitaka, na sababu ya kuomba nyongeza imetoka kwenye majukumu yao wenyewe. Kodi ya nyumba na ada za watoto usizitaje, kwa kuwa mwajiri hanunui shida zako. Usiandike pia "vinginevyo sitaweza kujiunga", maana hilo ni sharti, na sharti linakurudisha kwenye shamba la Hyde.

Kinga hii ina mpaka. Mwenye pendekezo anaweza kuliondoa wakati wowote kabla hujalikubali, hata kama alikupa siku saba, isipokuwa kama ulimlipa ili aliache wazi. Kwa hiyo tuma ombi lako siku ya pili, usingoje ya sita. Siku saba zikikaribia kwisha bila jibu na bado kazi unaitaka, andika, "Naikubali ofa yenu kama ilivyo katika barua." Ukinyamaza hadi muda upite, ofa imekufa yenyewe.

Kumbuka pia kwamba baruapepe si maneno ya kupita. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua mkataba uliofungwa kwa njia hiyo. Ukijibu "Sawa, nimekubali" asubuhi na kuomba nyongeza jioni, mwajiri halazimiki kubadili kitu.

Kabla ya kutaja kiasi, piga hesabu ya kinachofika mkononi. Tuseme NSSF unachangia asilimia 10. Kwenye 1,200,000 wanakata 120,000, na PAYE inatozwa kwenye 1,080,000 iliyobaki. Kodi ni 128,000 kwa milioni ya kwanza, na asilimia 30 ya kinachozidi, jumla 152,000. Unabaki na 928,000. Kwa 1,400,000 unabaki na 1,054,000. Nyongeza ya 200,000 inakuongezea 126,000 tu. Ndiyo maana taja daima kama kiasi ni kabla au baada ya makato, la sivyo mtakubaliana namba moja huku kila mtu akiwa na yake kichwani.

Yapo mambo ya kutoyaomba kama fadhila, kwa sababu tayari ni yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 na likizo ya uzazi ya siku 84. Ila soma vizuri: zile 28 ni siku mfululizo, Jumamosi na Jumapili zimo. Barua ikisema "siku 20 za kazi" kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki, haijakupunja. Ikisema siku 21 mfululizo, imekupunja, na unaweza kuandika, "Naomba kipengele cha likizo kirekebishwe kiendane na sheria."

Mara nyingi jibu huja kwa simu: "Tumekupa milioni moja na laki tatu, na ukimaliza muda wa matazamio tutakuongezea." Shukuru, kisha omba barua mpya ya ofa. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya ajira yako, pamoja na mshahara, namna unavyokokotolewa na marupurupu. Kuhusu ile nyongeza ya baadaye, omba barua itaje kiasi na mwezi itakapoanza. "Tutaangalia" haikupi cha kudai mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Na kama sasa una kazi kwingine, usiandike barua ya kuacha kazi kwa nguvu ya simu hiyo. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi isiyopungua siku 28. Ngoja barua mpya ifike, uisaini na kubaki na nakala, halafu hesabu hizo siku 28 kabla ya kuahidi tarehe ya kuanza.