Kofia ipi kwa gego la nyuma?

Swali: Daktari, gego langu la mwisho chini limetibiwa mzizi. Nilivishe kofia ya zirkonia, ya kaure juu ya chuma, au chuma kitupu? Msomaji, Kyela.

Jibu: Ndugu msomaji, gego hilo halionekani ukicheka, na mara nyingi huwa fupi. Mimi ningechagua chuma kisicho dhahabu, ambacho kwa kawaida ndicho nafuu. Juu ya jino huchongwa kama milimita 1 tu. Kaure juu ya chuma hudai karibu 2. Jino likibaki kisiki, kofia huchomoka. Tena kaure humeguka ukiuma kijiwe kwenye wali. Zirkonia ni nyeupe na imara, lakini ghali. Iache kwa ajili ya meno yanayoonekana. Hereni za bei rahisi zikikuwasha, mwambie daktari: chuma cha kofia huweza kuwa na nikeli.