Mtoto Anachechemea na Hakuumia: Mzazi Afanye Nini?

Mtoto amelala akiwa mzima. Asubuhi anaamka, anashuka kitandani na kuanza kuchechemea. Hakuanguka, hakugongwa, na mguuni hakuna jeraha. Wazazi wengi husubiri siku mbili tatu wakiamini kwamba alilalia mguu vibaya. Mara nyingi mtoto huyo atapona. Lakini kwa watoto wachache, siku hizo mbili tatu ndizo zinazoamua iwapo watatembea vizuri maishani. Makala haya yanaeleza jinsi ya kutofautisha hali hizo mbili.

Anza kwa kuangalia mambo mepesi. Mvue mtoto viatu na soksi, uchunguze nyayo na katikati ya vidole. Tafuta mwiba, funza, lengelenge au kiatu kinachobana. Kisha mvue nguo uangalie mguu mzima hadi kwenye kinena, kwa sababu jipu au uvimbe hapo pia humfanya mtoto achecheme. Mtoto akisema goti linauma na goti halina kitu, usiishie hapo. Maumivu ya nyonga mara nyingi husikika kwenye paja au goti.

Nyonga inayouma kwa muda

Sababu inayopatikana sana kwa watoto wa miaka 3 hadi 8 ni uvimbe wa muda wa utando ulio ndani ya kiungo cha nyonga. Mara nyingi mtoto alikuwa na mafua au kuhara wiki moja au mbili kabla. Maji kidogo hujaa kwenye kiungo, nyonga huuma, naye huchechemea. Maji hayo si usaha. Mtoto hana homa, au ana joto kidogo tu. Anakula, anacheza akiwa ameketi, na ukimbembeleza atapiga hatua chache. Tiba yake ni kupumzika na dawa ya maumivu, kama ibuprofeni, kwa kipimo kinacholingana na uzito wake. Usimpe aspirini. Nafuu huanza kuonekana baada ya siku chache, na kwa kawaida huwa amepona ndani ya wiki moja au mbili.

Maambukizi ya mfupa au kiungo

Hali ya pili ni bakteria kuingia ndani ya mfupa au kiungo. Mara nyingi bakteria hao ni wale wanaoishi kwenye ngozi. Wanaweza kupenya kupitia jipu, kidonda au tundu la funza, wakabebwa na damu hadi kwenye ncha ya mfupa, karibu na kiungo. Sehemu hiyo ndiyo inayokua, na mishipa yake midogo hupitisha damu polepole, kwa hiyo bakteria hukwama hapo na kuzaana. Watoto wenye ugonjwa wa selimundu wamo katika hatari zaidi.

Kwenye nyonga hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu ncha ya mfupa wa paja imo ndani ya kiungo chenyewe. Usaha ukitoka mfupani humwagika kiungoni. Hapo hula gegedu laini linalofunika mfupa, na msukumo wake huweza kukata damu inayolisha kichwa cha mfupa. Madhara haya huweza kutokea ndani ya siku chache. Mtoto akipona akiwa amechelewa, anaweza kubaki na mguu mfupi au nyonga iliyokakamaa.

Mfano wa watoto wawili

Tuchukue mfano wa majirani wawili. Wa kwanza ana miaka 5. Wiki iliyopita alikuwa na mafua. Leo anachechemea, lakini joto lake ni 37.2 na amekula uji wote. Mama anamlaza chali na kuuviringisha mguu taratibu, ndani na nje, kama anayesukuma chapati. Mtoto anakunja uso kidogo lakini anakubali. Katika kituo cha afya anachunguzwa, anapewa dawa ya maumivu na kuambiwa arudi baada ya siku mbili, au mara moja akipata homa. Siku ya nane anakimbia.

Wa pili ana miaka 7. Wiki mbili zilizopita alikuwa na jipu mgongoni. Sasa ana homa ya 39, hataki kusimama, na amelala akiwa amekunja nyonga na kuugeuza mguu nje. Ukigusa mguu kidogo tu, analia. Nyanyake anamchua kwa mafuta, na mama anampa parasetamoli. Homa inashuka kwa saa chache, na wote wanadhani amepata nafuu. Siku ya tatu wanakwenda hospitali. Eksirei haionyeshi kasoro yoyote.

Wengine wangerudi nyumbani wakiwa wameridhika. Hapo ndipo kosa hutokea. Mfupa wenye maambukizi huweza kuonekana wa kawaida kwenye eksirei kwa siku 10 au zaidi. Kwa hiyo daktari wa mtoto huyu hatosheki. Anaangalia dalili nne: homa inayozidi 38.5, mtoto kushindwa kukanyaga, chembe nyeupe za damu kuzidi 12,000 katika mikrolita moja, na chembe nyekundu kuzama kwa kasi inayozidi milimita 40 kwa saa. Kadiri dalili zinavyoongezeka ndivyo uwezekano wa usaha kiungoni unavyoongezeka. Mtoto huyu anazo zote nne. Altrasaundi inaonyesha nyonga imejaa majimaji, na sindano inavuta usaha. Anapelekwa chumba cha upasuaji siku hiyo hiyo, kiungo kinafunguliwa na kuoshwa. Kisha anapewa dawa za kuua bakteria, kwanza kwa mshipa, halafu za kumeza, kwa wiki kadhaa.

Nenda hospitali leo, si kesho

Mpeleke mtoto anayechechemea siku hiyo hiyo ikiwa ana homa, hawezi kabisa kukanyaga, analia mguu ukisogezwa, ana selimundu, au ana umri wa chini ya miaka 3. Ikiwa mguu umelegea ghafla bila nguvu, hata kama hauumi, nenda mara moja pia, kwa kuwa hali hiyo lazima ichunguzwe kama ni polio.

Pima joto kabla ya kumpa dawa ya kushusha homa, na uandike namba na saa. Usimchue wala kumkanda mguu. Usimpe dawa za kuua bakteria zilizobaki nyumbani: hazitoshi kuponya mfupa, lakini zinatosha kupunguza dalili na kuwachanganya wahudumu. Mwambie mhudumu kuhusu jipu, kidonda au funza wa wiki zilizopita, hata kama amepona.

Zahanati nyingi haziwezi kupima damu kwa kiwango hicho wala kufungua kiungo. Ukipewa barua ya rufaa kwenda hospitali ya ngazi ya 4 au 5, safiri siku hiyo. Na ukiambiwa eksirei ni safi ilhali mtoto bado ana homa na hakanyagi, usiondoke kabla ya kuuliza kuhusu kipimo cha damu.

Mtoto asiye na homa ambaye bado anachechemea baada ya wiki mbili, au anayepona kisha kurudia, naye arudishwe. Kuna magonjwa ya nyonga na kifua kikuu cha mifupa yanayoanza polepole bila homa kubwa, na kwa hayo eksirei husaidia.