Siku Kumi za Fundi Si Siku Kumi za Kalenda

Mfanyabiashara akiambiwa na seremala kwamba kazi ya kutengeneza rafu za duka ni ya "siku kumi", kwa kawaida huhesabu siku kumi kwenye kalenda na kuagiza mzigo. Hapo ndipo hasara huanzia.

Siku kumi za seremala maana yake ni saa 80 za kazi, yaani saa 8 kwa siku. Hicho ni kiasi cha kazi, si muda. Ili kupata muda, saa hizo hugawanywa kwa saa anazopatikana fundi kila siku, kisha siku zinazopatikana hupangwa kwenye kalenda moja baada ya nyingine, zikirukwa zile asizofanya kazi.

Chukua mfano wa duka la Dar es Salaam ambalo kazi yake ilianza Jumatatu, Aprili 14, 2025, fundi akifanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa. Mwenye duka anayehesabu kalenda tupu angetaraji kumaliza Aprili 23. Lakini Ijumaa Kuu ilikuwa Aprili 18 na Jumatatu ya Pasaka Aprili 21. Kwa hiyo wiki ya kwanza ilitoa siku 4, ya pili siku 4, na siku mbili zilizobaki ziliishia Jumanne, Aprili 29. Sikukuu ya Muungano, Aprili 26, haikupunguza kitu kwa kuwa iliangukia Jumamosi. Kwa fundi anayefanya kazi Jumamosi, ingempunguzia siku moja.

Sasa fundi huyo awe na kazi nyingine asubuhi, apatikane saa 4 tu kwa siku. Saa 80 zinakuwa siku 20. Kumi zinaisha Aprili 29, Mei Mosi inarukwa, na kazi inakamilika Jumatano, Mei 14.

Vanishi ni jambo jingine, kwani haijui sikukuu. Ikihitaji siku tatu kukauka, inakauka Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, Mei 17. Wapangaji wa bidhaa, ambao hawafanyi kazi Jumapili, wanaingia Jumatatu, Mei 19, na duka linafunguliwa tarehe 20.

Malipo ya fundi hayakubadilika, kwani saa ni zile zile 80. Kilichoongezeka ni pango. Ikiwa pango lilianza Mei 1 kwa Sh. 620,000 kwa mwezi, sawa na Sh. 20,000 kwa siku, siku 19 bila mauzo ni Sh. 380,000.

Ratiba yenye kasoro hujulikana upesi: kazi ya fundi huisha Jumapili au siku ya sikukuu, au tarehe ya mwisho haisogei hata fundi akipunguza saa. Kwa Idd, inayotegemea mwandamo wa mwezi, ni busara kuacha siku moja ya ziada kabla ya kumwahidi mteja tarehe.