Umeita, Kisha Ukanyamaza: Kifaa Kiseme Nini?

Uko jikoni, mikono imejaa unga, unasema "Alexa, fungua malipo" halafu unasahau ulichotaka. Kifaa kimeamka, taa ya samawati inawaka, kinakusubiri wewe.

Huduma ya malipo iliyopangwa vibaya itakusomea menyu yote: kutuma, kutoa, kukopa, salio, bili, stima. Ikifika mwisho, la kwanza limeshakutoka kichwani. Iliyopangwa vizuri itasema hivi:

"Nakusikiliza. Unaweza kusema 'tuma pesa', 'lipa stima' ama 'msaada'. Ungependa gani?"

Ni chaguo tatu tu, kwa maneno yale yale utakayotamka. Swali liko mwisho ili ujue zamu ni yako.

Bado kimya? Huduma za Alexa husubiri kama sekunde 8, huuliza tena mara moja, kisha hufunga mazungumzo. Swali hilo la pili lisiwe kurudia la kwanza. Liwe fupi, lenye mfano: "Sema kwa mfano, lipa stima." Baada ya hapo kifaa kinyamaze, maanake pengine hakuna aliyekiita. Labda ni sauti ya tivii tu.

Kuna mambo mawili ya kuangalia kwa huduma yoyote ya pesa kwa sauti. Kwanza, isianze kwa kutaja salio lako, kwa sababu mgeni sebuleni pia anasikia. Pili, kimya chako kisichukuliwe kuwa ndiyo. Usipojibu, hakuna shilingi inayofaa kutoka.